Kipimo kimoja kibadilike, kapu zima la mashine ya mawese lijipange

*"Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Ujiji, na natengeneza mashine za kukamulia mawese. Kapu la kukamulia nimelichora kwenye SolidWorks kwa kipenyo cha milimita 300. Mteja akitaka la 200 au la 400, inanibidi nifungue mchoro mmoja mmoja na kubadilisha vipimo kwa mkono, na mara nyingi kuna kimoja nakisahau, tundu za bolti zinabaki zilipokuwa. Nimesikia kuna njia ya kuunganisha vipimo ili nibadilishe namba moja tu. Inafanyikaje?"*

Ndugu yangu fundi, njia hiyo ipo, na kwa kazi kama yako italipa muda utakaouweka. Nakuomba tu tusianzie kwenye kompyuta. Chukua karatasi, andika vipimo vyote vya kapu lako, na mbele ya kila kimoja andika kinachokiamua. Kipenyo cha ndani kinaamuliwa na mteja. Unene wa bati unaamuliwa na mkazo na bati linalopatikana dukani. Ukubwa wa tundu unaamuliwa na bolti, na bolti ya M12 haijui kama kapu ni la 200 au la 400. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia kipi kiandikwe kama mlinganyo na kipi kibaki namba isiyobadilika. Wengi wanaoshindwa na kazi hii wanaijua programu vizuri. Wanakwama kwa sababu waliruka hatua hii.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kapu likikua, kila kitu kinakua kwa uwiano uleule. Nililifanya mwenyewe zamani, na hesabu yake ni hii. Kapu la 300 lenye bati la milimita 4 lina kipenyo cha nje cha 308. Duara linalopita katikati ya tundu za bolti nililiweka kwenye 352, yaani milimita 22 kutoka ukutani, na lilifanya kazi vizuri. Nikaandika kwamba duara hilo ni kipenyo cha ndani mara 1.1733, kwa kuwa 352 ukigawanya kwa 300 unapata hiyo. Kwenye skrini kila kitu kilisogea kwa adabu. Nilipotengeneza la 200, duara la bolti likawa 234.7 na ukuta wa nje 208, kwa hiyo katikati ya tundu ilibaki milimita 13.3 tu kutoka ukutani. Weldi ya kuunga kapu na flanji ilikuwa na mguu wa milimita 5, ikabaki 8.3, ilhali washa ya M12 yenye kipenyo cha 24 inahitaji 12 kila upande. Washa zilipanda juu ya weldi, zikakaa kiubavu, na bolti hazikukaza. Flanji ilikuwa imeshakatwa na kutobolewa, na hapakuwa na dawa isipokuwa kukata nyingine. Kwa upande wa 400, uwiano uleule ungeiweka bolti karibu milimita 30 kutoka ukutani, yaani flanji pana bila sababu na chuma cha bure.

Kwa hiyo umbali wa bolti kutoka ukutani haufuati kipenyo. Unafuata weldi, washa na nafasi ya kuingiza soketi, na vyote vitatu ni vilevile katika kila saizi. Kipenyo kinaingia kwenye hesabu kwa kujumlishwa, hakiingii kwa kuzidishwa. Ukilishika jambo hili moja, sehemu kubwa ya milinganyo yako itakuwa sahihi hata kabla hujaiandika.

Sasa twende kwenye programu. Fungua sehemu yako, nenda `Tools`, kisha `Equations`. Litafunguka jedwali ambalo juu yake kuna eneo la `Global Variables`. Hapo ndipo unapoandika vigeu vya jumla: kigeu ni jina ulilolipa thamani, na jina hilo linaonekana na michoro yote iliyomo ndani ya faili hiyo. Kwa kapu lako ningeandika hivi:

```
"KipenyoNdani" = 300
"Weldi" = 5
"Washa" = 24
"Tundu" = 14
"Pembezo" = 22
"Bati" = IIF("KipenyoNdani" > 300, 6, 4)
"Kimo" = 1.5 * "KipenyoNdani"
"UkutaNje" = "KipenyoNdani" + 2 * "Bati"
"NafasiBolti" = "Weldi" + "Washa" / 2 + 5
"DuaraBolti" = "UkutaNje" + 2 * "NafasiBolti"
"FlanjiNje" = "DuaraBolti" + 2 * "Pembezo"
"IdadiBolti" = 2 * (INT(pi * "DuaraBolti" / 280) + 1)
```

Mistari mitano ya kwanza ni namba tupu, na mingine yote inazaliwa na hiyo mitano. Huu ndio mpangilio unaotakiwa: mizizi michache juu, matawi chini, na hakuna tawi linalorudi kulisha mzizi. Ukiandika kwamba flanji inategemea duara la bolti, halafu mahali pengine ukaandika kwamba duara la bolti linategemea flanji, programu itakuonya kuwa hesabu inazunguka, na haitaweza kuikamilisha. Majina yaandike bila nafasi katikati, na alama za kunukuu ziwe zile zilizonyooka. Namba ziache bila kipimo mbele yake, lakini hakikisha hati yenyewe iko kwenye milimita, kwa sababu namba tupu husomwa kwa kipimo cha hati. Ukinakili milinganyo hii kwenye hati iliyowekwa kwa inchi, 300 itakuwa inchi 300.

Safu ya `Evaluates to` iliyo pembeni inakuonyesha jibu la kila mstari. Kwa 300 unatakiwa uone `Bati` 4, `UkutaNje` 308, `NafasiBolti` 22, `DuaraBolti` 352, `FlanjiNje` 396 na `IdadiBolti` 8. Zihakiki kwa kikokotoo cha simu kabla ya kugusa mchoro wowote, maana kosa likikamatwa hapa ni la dakika moja, na likikamatwa kwenye chuma ni la siku nzima.

Hatua inayofuata ni kuviunganisha vipimo vyenyewe, na kuna sharti moja: kila mchoro uwe umefungwa kikamilifu. Mistari ya mchoro uliofungwa ni myeusi. Mstari wa bluu bado unaweza kusogea, na mlinganyo hauwezi kuushika. Katikati ya kila duara ikae kwenye `Origin`, isikae hewani karibu nayo. Kama una mahali ulipofanya vitu viwili kuwa sawa kwa kuandika namba moja mara mbili, ondoa namba ya pili na uweke uhusiano wa kijiometri, kama vile `Equal` au `Concentric`. Mahali ambapo jiometri yenyewe inaweza kulifanya jambo, usiandike mlinganyo.

Kisha ipe michoro majina, kwa sababu `Sketch1` na `Sketch4` hazitakuambia chochote baada ya miezi mitatu. Yangu ningeiita `Ukuta`, `Flanji` na `TunduBolti`. Sasa bofya mara mbili kipimo cha kipenyo cha ndani kwenye mchoro wa `Ukuta`. Kisanduku cha `Modify` kitafunguka, na ndani yake, badala ya 300, andika alama ya sawasawa kisha jina la kigeu:

```
="KipenyoNdani"
```

Kipimo kitabaki kuonyesha 300, ila mbele yake itatokea alama ya `Σ`. Alama hiyo ndiyo shahidi wako. Endelea hivyo kwa kipenyo cha nje, kimo, flanji, duara la bolti na tundu. Tundu la katikati ya flanji, ambamo kapu linapita, liongezee milimita moja ili kapu liingie bila kugongwa kwa nyundo:

```
="UkutaNje" + 1
```

Ukimaliza, pitia mchoro mmoja baada ya mwingine ukitafuta kipimo kisicho na `Σ`. Kila utakachokikuta, jiulize kama kweli kinatakiwa kubaki vilevile katika saizi zote. Umeeleza kuwa huwa kuna kimoja unakisahau; ukaguzi huu ndio dawa yake, na kwa sehemu ya ukubwa huu hauzidi dakika tano.

Nikae kidogo kwenye idadi ya bolti, kwa kuwa ndipo tundu zako zinapokosea. Tundu unatoboa moja tu kwenye mchoro, kisha unaizungusha kwa `Circular Pattern`. Idadi ya tundu ni kipimo kama kipimo kingine: bofya mara mbili umbo la mzunguko huo kwenye mti wa upande wa kushoto, namba 8 itatokea kwenye mchoro, ibofye na uiunganishe na `IdadiBolti`. Lakini lazima `Equal spacing` iwe imewekwa alama na pembe iwe digrii 360. Kama uliandika pembe ya digrii 45 kati ya tundu na tundu, saizi ya 300 yenye tundu 8 itaonekana sawa kabisa, kwa kuwa 8 mara 45 ni 360. Ukienda kwenye 200 yenye tundu 6, zote zitajikusanya upande mmoja na kuacha pengo la digrii 135. Ukienda kwenye 400 yenye 12, nne za mwisho zitaangukia juu ya nne za kwanza. Kwa hiyo mchoro wa saizi moja unaweza kuwa sahihi kwa bahati, na bahati hiyo hauioni mpaka ubadilishe saizi.

Mlinganyo wenyewe wa idadi unasema hivi: zunguka duara la bolti, na usiache zaidi ya milimita 140 kati ya bolti na bolti, ili flanji isifunuke katikati na kuvujisha mafuta. Hesabu ya kawaida ingekupa 7.9 kwa saizi ya 300, na hakuna bolti ya 0.9. `INT` inakata desimali, halafu tunaongeza moja ili tusipungukiwe. Nimegawa kwa 280 na kuzidisha jibu kwa 2 kwa sababu ninataka idadi iwe shufwa daima. Bolti zinazotazamana hurahisisha kukaza kwa zamu, huku na kule. Saizi ya 200 itatoa 6, ya 300 itatoa 8, na ya 400 itatoa 12. Usiache kamwe idadi ije na desimali ukitegemea programu ikuamulie.

Unene wa bati nao unastahili maneno machache. Ukuta wa silinda inayosukumwa kutoka ndani hupata mkazo unaolingana na msukumo mara kipenyo, ukigawanya kwa unene mara mbili. Kwa msukumo uleule, kinachoamua ni kipenyo kugawanywa kwa unene. Kapu lako la 300 lenye bati la 4 lina uwiano wa 75, na kama limekaa misimu kadhaa bila kutanuka, hicho ndicho kipimo ulichokithibitisha kwa kazi. Kwa 400, ili kubaki kwenye 75 unahitaji milimita 5.33. Bati hilo halipo dukani, na la 5 lingekupa uwiano wa 80, dhaifu kuliko lile ulilolizoea, kwa hiyo unakwenda kwenye 6. Ndiyo maana nimetumia `IIF`, ambayo huuliza swali na kuchagua kati ya majibu mawili: zaidi ya 300, chukua 6, vinginevyo, chukua 4. Angalia basi mpaka wake. Milimita 6 mara 75 ni 450, maana yake mlinganyo huu ni halali hadi 450 na si zaidi. Mteja akitaka 500, programu itachora bila kulalamika, na kapu litakuwa dhaifu. Mpaka huo uandike kwenye safu ya `Comments` mbele ya `Bati`, ili hata kijana wako wa karakana auone. Mlinganyo unajua kipimo tu. Nguvu ya chuma hauijui mpaka uiweke wewe ndani yake.

Baada ya hapo, jaribu ncha zote mbili, usijaribu katikati. Weka `KipenyoNdani` 200, bonyeza `Ctrl+Q` ili sehemu ijengwe upya yote, kisha weka 400 na urudie, kisha 450. Tazama kama kuna alama ya njano au nyekundu kwenye mti. Zaidi ya hayo, nina desturi ya kuweka kipimo kimoja cha ushahidi: kwenye mchoro wa `TunduBolti` naweka kipimo cha kusomwa tu, kutoka ukuta wa nje hadi ukingo wa karibu wa tundu. Programu inakionyesha kwa rangi ya kijivu kwa kuwa hakiendeshi chochote. Nafasi ya bolti ni 22, nusu ya tundu ni 7, kwa hiyo kinatakiwa kisome 15 katika kila saizi bila kuyumba. Kikisoma 6.3 kwenye saizi ya 200, ujue kuna kipimo kilichoandikwa kwa uwiano, kama nilivyofanya mimi. Kipimo cha aina hiyo kisome kwa macho tu. Usikitumie kulisha mlinganyo mwingine, kwa sababu thamani yake hupatikana baada ya sehemu kujengwa, na utajikuta unajenga upya mara mbili ndipo namba zitulie.

Mpaka hapo kapu limekamilika, lakini mashine ina sahani ya kusukuma, ambayo iko kwenye faili yake, na vigeu vya faili moja havionekani na faili nyingine. Kwa karakana ndogo, njia ninayoipendekeza ni faili ya maandishi. Kwenye jedwali lilelile la milinganyo bonyeza `Export`, chagua vigeu vya jumla peke yake, na uihifadhi faili hiyo ikiwa imeunganishwa na sehemu. Kisha fungua sahani, bonyeza `Import`, na uiunganishe na faili ileile. Kipenyo cha sahani kitakuwa:

```
="KipenyoNdani" - 6
```

Yaani milimita 3 za kupumua kila upande. Tangu hapo, namba unaibadilishia kwenye faili ya maandishi kwa `Notepad`, na sehemu zote mbili zinaisoma zinapojengwa upya. Faili hiyo lazima isafiri pamoja na michoro. Ukinakili kapu na sahani kwenye flashi ukaiacha faili ya maandishi nyumbani, kila sehemu itabaki na namba zake za mwisho na haitafuata mabadiliko yoyote. Zote ziweke kwenye folda moja, na folda yenyewe ndiyo uinakili.

Jambo la mwisho ni lile linalowapata watu baada ya kufurahia kwamba namba moja inabadilisha kila kitu. Karatasi ya michoro inayokwenda kwa mkataji hufuata sehemu. Ukichapisha ya 300 leo, kesho ukabadilisha sehemu ileile kuwa 400 kwa mteja mwingine, basi keshokutwa mteja wa kwanza akirudi kuomba nakala, utafungua karatasi yake na kukuta 400. Kwa saizi tatu unazoziuza mara kwa mara, tengeneza `Configurations` tatu ndani ya sehemu, uziite 200, 300 na 400, na kwenye jedwali la milinganyo uamue kwamba thamani ya `KipenyoNdani` ni ya `This Configuration`, huku mingine yote ikibaki `All Configurations`. Kila karatasi iifunge kwenye saizi yake. Ukichagua njia hii, `KipenyoNdani` kitoe kwenye faili ya maandishi na uache humo weldi, washa, tundu na pembezo peke yake, maana thamani moja haiwezi kuamriwa kutoka sehemu mbili. Sahani nayo itengenezee saizi zake tatu kwa majina yaleyale. Faili ya maandishi yenye kipenyo ndani yake itunzie folda ya pembeni, kwa ajili ya mteja anayekuja na kipimo cha peke yake, mathalani 350. Huyo atapata bati la 6, ukuta wa nje wa 362, duara la bolti la 406, flanji ya 450 na bolti 10. Linganisha namba hizi na utakazoziona kwenye `Evaluates to`, na zikipishana hata moja, anza kutafuta kwenye mstari wa kwanza ulioachana nazo.